Umejaziwa petroli kwenye dizeli? Usitarajie bima ikulipie injini

Ukinunua Mazda CX-5 ya dizeli, jifunze sentensi moja na uwe ukiisema kila unapoingia kituo cha mafuta: "Hii ni dizeli." Usiseme tu "weka ya elfu nne" halafu ukarudi kwenye simu. Kwa macho, gari hilo halina tofauti na mwenzake wa petroli. Rangi ni zile zile, taa ni zile zile, na mhudumu aliyesimama kwenye pampu tangu asubuhi ameona kumi kama hilo, mengi yao ya petroli. Mkono wake utaenda wenyewe kwa nozeli ya supa.

Ukitegemea kibandiko kilicho kwenye kifuniko cha tangi, huenda pia kisikuokoe. Magari mengi tunayoendesha yalitoka Japani yakiwa tayari yametumika, na baadhi yangali na maandishi ya Kijapani pale pa kujazia. Neno la dizeli hapo husomwa "keiyu", na maana yake ya moja kwa moja ni "mafuta mepesi". Mhudumu wa Ngara au Nyali atajuaje?

Kisha kuna umbo la nozeli. Nozeli ya petroli ni nyembamba, kwa hivyo huingia bila shida kwenye mdomo wa tangi la dizeli. Ile ya dizeli ni nene na mara nyingi hugoma kuingia kwenye gari la petroli. Ndiyo maana kosa linalotokea kirahisi ndilo lile lile linaloumiza zaidi: petroli ndani ya injini ya dizeli.

Vijana wengi hujipa moyo kwamba "si niko na komprehensivu?" Hapo ndipo kuna noma. Bima hiyo kubwa, unayoilipia maelfu kila mwaka, kwa kawaida hailipi injini iliyoharibiwa na mafuta yasiyofaa. Tuone ni kwa nini, na ni wapi pengine unaweza kupata afueni.

Kinachotokea ndani ya injini

Dizeli ina utelezi fulani kama oili. Katika injini za kisasa, pampu ya presha ya juu hutegemea utelezi huo ili vyuma vyake visisagane. Pampu hiyo husukuma mafuta kwa nguvu nyingi mno hadi kwenye injekta, ambazo zina vitundu vidogo kuliko unavyoweza kuona vizuri kwa macho.

Petroli haina utelezi huo. Ikipita kwenye pampu, inasafisha ule utando wa dizeli na vyuma vinaanza kukwaruzana. Mikwaruzo hiyo huzaa vumbi la chuma. Vumbi husafiri na mafuta hadi kwenye injekta, na mengine hurudi kwenye tangi kupitia paipu ya kurudishia. Hapo shida si pampu tena. Mfumo wote wa mafuta una vumbi, na ukibadilisha pampu peke yake, vumbi lililobaki litaua ile mpya.

Utajuaje? Gari litatoka kituoni vizuri kabisa kwa sababu paipu na filta bado zina dizeli ya awali. Baada ya muda mfupi utasikia injini ikigongagonga, nguvu itapungua unapokanyaga mafuta, taa ya injini itawaka, kisha gari litazima na kukataa kuwaka.

Ikiwa ni dizeli iliyoingia kwenye gari la petroli, dalili ni moshi mwingi, kutetemeka na kuzima. Mara nyingi hapo kazi ni kumwaga mafuta, kusafisha mfumo na pengine kubadilisha plagi. Inauma mfukoni, lakini si kama ile ya kwanza.

Kwa hivyo ukigundua kosa ukiwa bado kwenye pampu, usiwashe gari. Hata usifungulie swichi ili uteremshe kioo, maana katika magari mengi hatua hiyo huamsha pampu ndogo iliyo ndani ya tangi, nayo huanza kusukuma petroli mbele. Waambie wahudumu waweke koni kuzunguka gari na usubiri gari la kukokota au fundi wa kumwaga mafuta pale pale.

Utasikia pia ushauri wa mtaani: "Jazilizia dizeli juu, ichanganyike, utembee tu." Ushauri huo ulitokana na injini za zamani zenye pampu za kawaida, ambazo zilikuwa na uvumilivu kiasi. Injini ya kisasa ya dizeli haina uvumilivu huo.

Bima inasoma vipi kisa chako

Tuchukue mfano. Kijana mmoja, tumwite mteja wetu, anajaziwa lita 20 za petroli kwenye CX-5 yake ya dizeli. Analipa kwa M-Pesa na kuondoka bila risiti. Anatoka Ngara kuelekea Roysambu. Akifika karibu na Garden City taa ya injini inawaka, lakini anasonga mbele kwa sababu nyumbani si mbali. Gari linazima kabla hajafika.

Fundi anafungua na kukuta vumbi la chuma kwenye filta. Tuseme bili ya pampu, injekta nne, kusafisha tangi na ufundi ni Sh380,000. Kama angesimamishia kila kitu kituoni, tuseme kukokotwa, kumwaga mafuta na kubadilisha filta kungemgharimu Sh20,000. Hizi ni nambari za mfano tu, lakini pengo la aina hiyo ndilo utakalokutana nalo gereji.

Anapiga simu kwa kampuni ya bima. Baada ya siku chache anapata jibu: dai lako halilipiki. Je, wamemwonea?

Fungua mkataba wa kawaida wa bima ya gari la kibinafsi hapa Kenya, ule mrefu ambao wengi hatusomi. Sehemu ya kulipia gari lako haisemi kwamba kampuni itagharamia "chochote kibaya kitakachotokea". Inataja mambo kwa orodha: kugongana au kupinduka, moto, radi, wizi, uharibifu wa makusudi uliofanywa na mtu mwingine, na hasara gari likiwa linasafirishwa. Kujaziwa mafuta yasiyofaa hakumo.

Kisha kuna orodha ya pili, ile ya mambo yasiyolipwa. Humo utakuta kuchakaa, kushuka kwa thamani, na kuharibika kwa mitambo au umeme. Pampu iliyojisaga kutoka ndani inaangukia hapo. Kwa kampuni, hakuna kilichogonga gari. Ni mtambo uliokufa, na mtambo kufa ni gharama ya mwenye gari.

Kuna mikataba mipana zaidi inayolipia uharibifu wowote wa ghafla usiotarajiwa. Ukiwa na wa aina hiyo, una hoja: kujaziwa petroli ni tukio la ghafla, limetoka nje ya gari, na hukulitarajia. Lakini hata hapo soma yale yasiyolipwa, kwa sababu baadhi ya kampuni hutaja mafuta yasiyofaa waziwazi.

Kumbuka jambo moja ambalo wengi hulikosa. Tuseme gari la mteja wetu lingezima katikati ya Thika Road na lori likaligonga kwa nyuma. Bodi, bampa na taa zilizovunjika zingelipwa, kwa sababu hapo pamekuwa na kugongana, hata kama chanzo ni mtambo kufeli. Pampu na injekta bado zingebaki zake. Bima hutenganisha uharibifu wa kugongwa na uharibifu wa mafuta, ingawa yote yametokea jioni moja.

Na kama una ile bima ya chini, ya kulipia watu wengine pekee, usijisumbue kupiga simu. Hiyo haigusi gari lako kwa lolote.

Nyongeza: ipi inasaidia?

Wakati wa kukata bima, wakala hukuuliza kama ungependa kuongeza hiki na kile kwa hela kidogo. Baadhi ya nyongeza hizo zinasikika kama zingemwokoa mteja wetu, lakini sivyo.

Nyongeza ya kufuta ekses ni mfano mzuri. Ekses ni ile sehemu ya gharama unayojilipia kabla ya kampuni kutoa yake. Nyongeza hiyo hukuondolea mzigo huo, lakini inafanya kazi pale tu dai lenyewe limekubaliwa. Dai likikataliwa, hakuna ekses ya kufuta. Ni vivyo hivyo kwa nyongeza ya kupewa gari la muda wakati lako liko gereji. Kwa kawaida inategemea dai lililokubaliwa, na mteja wetu hana.

Nyongeza ya usaidizi wa barabarani inasaidia kiasi. Inaweza kukulipia kukokotwa kutoka kituoni hadi gereji, na hilo si dogo, kwa sababu ndilo linalokuondolea kishawishi cha kuwasha gari "nifike tu kwa fundi". Ila soma imeandikwa vipi. Nyingi huishia kwenye kukokota, kubadilisha gurudumu na kuwasha betri. Kumwaga mafuta ni juu yako.

Waranti ya gari nayo, iwe ya mtengenezaji au ile ya kununua kando, hulipia kasoro ya kifaa. Kifaa kilichoharibiwa na mafuta yasiyofaa hakikuwa na kasoro, kwa hivyo usiiwekee matumaini.

Nyongeza inayolenga tatizo lenyewe ni ile inayotaja mafuta yasiyofaa kwa jina. Uingereza, ambako madereva hujijazia wenyewe, kinga ya namna hiyo ni ya kawaida. Hapa kwetu, muulize wakala wako kabla ya kulipa, na umuulize kwa maandishi. Maswali ni mawili, tena yatenganishe. La kwanza: je, mtalipia kukokota, kumwaga na kusafisha mfumo? La pili: je, mtalipia pampu na injekta zikiharibika? Kampuni inaweza kujibu "ndiyo" kwa la kwanza na "hapana" kwa la pili, na tofauti ya majibu hayo mawili kwa mteja wetu ni Sh20,000 dhidi ya Sh380,000. Ukijibiwa kwa baruapepe, ihifadhi. Jibu la mdomo halitakusaidia siku ya dai.

Hata ukiwa na nyongeza hiyo, kuna kipengele kinachoweza kukunyang'anya haki. Mikataba ya kawaida husema kwamba gari likiharibika nawe ukaendelea kuliendesha kabla ya kurekebishwa, uharibifu unaozidi ni wako. Mteja wetu aliona taa ikiwaka Garden City na akasonga mbele. Kilomita hizo chache zingeweza kumfungia mlango.

Hisani ina masharti yake

Dai likikataliwa, bado kuna njia inayoitwa malipo ya hisani. Kampuni inakubali kutoa kiasi fulani bila kukiri kwamba ina deni. Si haki yako, na hata mwaka ujao huwezi kusema "si mlinilipa ile siku". Lakini hutokea.

Hisani haiangukii kila mtu. Ina nafasi zaidi pale mteja amekaa na kampuni miaka kadhaa bila kudai, analipa kwa wakati, kosa halikuwa lake, na anachoomba ni kidogo na kina karatasi. Hutolewa na meneja, si yule anayepokea simu, kwa hivyo mwenye nafasi nzuri ya kukubishia mlango ni wakala aliyewaletea wateja wengi. Mwombe akuandikie barua.

Mteja wetu akiomba Sh380,000 zote, atajibiwa kwa upole kwamba haiwezekani. Akiomba Sh20,000 za kukokota na kusafisha, akaambatisha ripoti ya fundi na rekodi ya miaka mitano bila dai, amewapa kitu wanachoweza kukubali. Hisani huenda ikaja pia kwa namna nyingine, kama vile punguzo utakapokata bima upya.

Ukiona kwamba kampuni imeusoma mkataba visivyo, peleka malalamiko kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Mamlaka inaweza kuitaka kampuni ieleze uamuzi wake. Lakini haiwezi kukuandikia upya mkataba uliosaini, wala hisani haiwezi kulazimishwa.

Anayefaa kulipa ni kituo

Hapa Kenya ni nadra kujijazia mafuta. Ni mhudumu anayekujazia, na mwajiri hubeba makosa ambayo mfanyakazi wake ameyafanya akiwa kazini. Ikiwa gari ni la dizeli, uliomba dizeli na ukapewa petroli, deni ni la kituo. Usimkalie kooni yule kijana wa pampu akutumie mshahara wake kwa M-Pesa. Hana Sh380,000, na ukishachukua elfu tano zake, meneja atasema mlimalizana.

Muulize meneja kama kituo kina bima ya kulipia hasara ya wateja. Vituo vingi vikubwa huwa nayo, na hiyo ndiyo bima iliyotengenezwa kwa kisa kama hiki. Kwa maneno mengine, bima inayoweza kukulipia injini ni ya kituo, wala si yako.

Sasa utathibitisha vipi? Arafa ya M-Pesa inaonyesha umelipa pesa ngapi na kwa nani, lakini haisemi ulinunua nini. Risiti ya kituo ndiyo husema kama ni supa au dizeli, lita ngapi na bei gani. Idai kila mara na uisome kabla ya kuwasha gari. Mteja wetu angeisoma, asingefika Garden City.

Kama huna risiti, bado kuna pa kushika. Mamlaka ya Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za juu za supa na dizeli kila mwezi, na huanza kutumika tarehe 15. Bei za vituo huwa karibu na hizo, kwa hivyo wakati bei za mafuta hayo mawili zinatofautiana, rekodi ya pampu ya saa ile ikilinganishwa na pesa ulizotuma inaweza kuonyesha ulichojaziwa. Andikia meneja siku hiyo hiyo, taja saa na nambari ya pampu, na umwombe ahifadhi picha za kamera za usalama kabla hazijafutwa.

Fundi akimwaga tangi, weka kiasi kwenye chombo safi, ukifunge na kukiandika tarehe, ikiwezekana mbele ya mtu wa kituo. Usiruhusu vipuri vilivyoharibika vitupwe. Filta yenye vumbi la chuma inazungumza kuliko wewe.

Kuna mtego hapa. Meneja anaweza kukurudishia Sh4,000 za mafuta papo hapo na kukupa karatasi ya kusaini. Isome. Ikisema umepokea malipo "ya mwisho" na huna madai mengine, ukisaini umeuza kesi ya Sh380,000 kwa Sh4,000. Tena umejiharibia hata kwa bima yako, kwa sababu kampuni ikikulipa chochote huwa inataka kukidai kituo baadaye kwa jina lako. Ukiwa umeshakisamehe kituo, meneja wa bima hana sababu ya kukuonea huruma. Chukua pesa za mafuta ukitaka, lakini andika kwa mkono wako kwamba ni za mafuta tu na kwamba gari halijakaguliwa.

Kituo kikikataa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Hushughulikia madai yasiyozidi Sh1,000,000, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Dai la mteja wetu linatoshea humo.

Lakini ajiandae kwa swali moja gumu. Wakili wa kituo atamuuliza ni kwa nini hakusimama taa ilipowaka. Mtu aliyeumizwa na kosa la mwingine anatarajiwa kupunguza hasara pale anapoweza, na mahakama ikiona alizidisha madhara mwenyewe, huenda isimpe zote. Na kama ni yeye aliyesema "weka supa" kwa kuwa gari ni la kuazima na hakujua linatumia nini, hana kesi dhidi ya kituo hata kidogo. Gharama hiyo ni yake na mwenye gari.

Kwa hivyo wiki hii fanya mambo mawili. Mwandikie wakala wako yale maswali mawili, ujue kabla ya bima kuisha kama kuna nyongeza ya maana. Kisha nunua kibandiko cha "DIZELI" chenye herufi kubwa, ukibandike ndani ya kifuniko cha tangi, pale ambapo mkono wa mhudumu lazima upite. Ni bei ya soda, na hakina ekses.